Saa 1:42 Usiku: Safari ya Lalamiko kutoka Dirishani hadi kwa Meneja

Ijumaa tarehe 8 Machi 2024 nilisimama mbele ya mashine ya kutolea fedha Mbagala Rangi Tatu, watu sita wakiwa nyuma yangu, nikaomba shilingi 400,000. Mashine ilihesabu noti kwa ule mlio wake, ikanyamaza, ikarudisha kadi, ikatoa risiti. Fedha hazikutoka. Kabla sijageuka, simu ikalia. Ulikuwa ujumbe wa benki yangu: nimetoa 400,000, na makato juu yake. Zilikuwa fedha za mabati, na fundi alikuwa ananingoja.

Fedha zile zilirudi baada ya wiki tano na siku kadhaa. Wiki nne za mwanzo zilipotea bure, na hazikupotea kwa sababu mtu aliniibia au alinidharau. Zilipotea kwa sababu lalamiko langu lilikuwa linazunguka mahali ambapo hakuna mtu mwenye uwezo wa kulimaliza, nami nikawa nalizungusha zaidi kila nilipopiga simu. Barua moja kwa meneja ilivunja mzunguko huo. Nataka kueleza barua hiyo ilikuwa na nini ndani, maana tangu hapo nimeulizwa na majirani na ndugu wengi waliokwama palepale.

Tuanze na mashine yenyewe. Unapotumia kadi ya benki moja kwenye mashine ya benki nyingine, kuna pande mbili. Mashine hutuma ombi kwa benki yako, benki yako inaangalia salio, inakata fedha kwenye akaunti na kujibu kwamba ruhusa imetolewa. Hapo ndipo mashine inaanza kuhesabu noti. Noti zikikwama njiani, mashine inatakiwa kutuma ujumbe wa pili wa kurudisha fedha kwenye akaunti. Mtandao ukikatika katikati, ujumbe huo haufiki. Akaunti yako inabaki imekatwa, na noti zako zinabaki ndani ya mashine, mara nyingi kwenye kisanduku cha pembeni ambamo hutupwa noti zilizokataliwa.

Maana yake ni kwamba ushahidi wa ukweli wako hauko benki kwako. Uko kwa mwenye mashine. Yeye ana kumbukumbu ya ndani ya mashine inayoonyesha ni noti ngapi zilipita mlangoni kwa kila muamala, na siku anapoifungua kuhesabu fedha ataona zimezidi. Ikiwa mashine imebaki na noti 40 za elfu kumi ambazo vitabu vinasema zilitoka, hizo ni zako. Lakini hatakutafuta. Anasubiri benki yako impelekee dai.

Sasa mtazame mhudumu unayempigia simu. Anaweza kusikiliza, kuandika lalamiko kwenye mfumo, kukupa namba, na kulituma kwa watu wa ndani ambao hata yeye hazungumzi nao ana kwa ana. Haoni kumbukumbu ya mashine. Hawezi kurudisha hata shilingi mia. Hana ruhusa ya kulifungua upya lalamiko lililofungwa. Ukimfokea, unamfokea mtu ambaye funguo hana. Nasema hivi kwa sababu nilimfokea mmoja, binti wa watu, na baadaye nilipoelewa kazi yake nilijuta.

Nilipiga simu asubuhi ya Jumamosi tarehe 9 Machi. Nikapewa namba ya lalamiko 20931 na ahadi ya siku saba za kazi. Siku hizo ziliisha Jumanne tarehe 19. Jumatano tarehe 20 nikapiga tena. Mhudumu mwingine akanisikiliza kwa upole, akaandika maelezo yangu upya, akanipa namba 22618 na siku saba nyingine, ambazo kwa sababu ya Pasaka ziliishia Jumanne tarehe 2 Aprili. Nilikata simu nikiwa nimefarijika. Kumbe hapo ndipo nilipojiumiza.

Namba mpya ina maana saa imeanza kuhesabu upya. Kwenye kumbukumbu za benki sikuwa tena mteja aliyengoja tangu tarehe 9, nilikuwa mteja aliyelalamika jana. Meneja akitazama orodha ya malalamiko yaliyochelewa, langu halimo. Ndiyo sababu siku hizi mtu wangu akipiga simu ya pili namwambia aanze kwa kutaja namba ya kwanza, na aseme wazi: "Sitaki lalamiko jipya, naomba unisomee kilichoandikwa kwenye hili." Mhudumu anaweza kusoma. Sentensi moja iliyoandikwa pale mfumoni ina thamani kuliko pole kumi.

Mimi niliisoma sentensi hiyo Alhamisi tarehe 4 Aprili, tawini, baada ya kupanga foleni kwenye dawati la huduma kwa wateja. Kijana aliyekuwa pale alinisalimia, "Shikamoo mama," akachukua namba zangu zote mbili, akaanza kusoma. Akanyamaza kidogo. Kisha akanigeuzia skrini, jambo ambalo hakulazimika kulifanya.

Lalamiko 20931 lilifungwa tarehe 14 Machi. Sababu iliyoandikwa: hakuna muamala ulioonekana tarehe 8 Machi saa 01:42. Lalamiko 22618 lilifungwa tarehe 22 Machi. Sababu: limejirudia, angalia 20931.

"Mama, ulikwenda mashineni saa nane kasoro usiku?" akaniuliza.

"Saa moja na dakika arobaini na mbili, mwanangu. Baada ya magharibi tu."

Sote wawili tukaelewa kwa pamoja. Mimi nilisema saa moja na dakika arobaini na mbili usiku, kama tunavyosema sote. Mhudumu wa simu, pengine akiwa na wateja wengine wanamngoja, akaandika 1:42 usiku, na mfumo ukaipokea kama saa 01:42, yaani alfajiri ya manane. Mashine yenyewe iliandika 19:42. Mtu wa ndani akatafuta muamala wa 01:42, hakuuona, akafunga. Lalamiko la pili likafungwa kwa sababu lipo la kwanza, na la kwanza lilifungwa kwa sababu ya saa isiyokuwepo. Ningeweza kupiga simu mara kumi, kila mara nikapewa namba, na kila namba ingefungwa kwa kuielekeza kwenye ile ya kwanza.

Kosa hili la saa linatuhusu sisi tunaohesabu siku kuanzia macheo. Unapotoa maelezo ya muamala wowote, iwe ni benki, fedha za simu au umeme, andika saa kama ilivyo kwenye risiti au ujumbe, tarakimu nne, kisha ndipo utaje ya Kiswahili pembeni. Tarehe nayo iandikwe kwa jina la mwezi. Tarehe 8/3 mmoja ataisoma nane Machi, na mfumo uliopangwa kwa mtindo mwingine utaisoma tatu Agosti.

Siku ile kijana alitaka kunifungulia lalamiko la tatu. Nilimwomba asifanye hivyo. Nilimwomba jina la meneja wa tawi na jina la kitengo kinachofunga malalamiko, nikarudi nyumbani kuandika.

Kabla ya kuandika nilitoa risiti zote mezani, na hapo niligundua kwamba nilikuwa na namba za aina mbili ambazo nilikuwa nazichanganya. Kuna namba za lalamiko, ambazo benki ilinipa nilipopiga simu. Hizo husimulia benki ilifanya nini na lini. Halafu kuna namba ya muamala, iliyo kwenye risiti ya mashine. Hiyo husimulia mashine ilifanya nini. Mtu wa ndani anayetafuta fedha hawezi kuzipata kwa namba ya lalamiko, na meneja anayetaka kujua nani alizembea hawezi kujua kwa namba ya muamala. Barua inazihitaji zote, kila moja mahali pake.

Namba ya muamala kwenye risiti nyingi za mashine huandikwa RRN na ina tarakimu 12. Yangu ilikuwa 406816052731. Mpwa wangu mmoja anafanya kazi ya mifumo ya malipo, akanifundisha kuisoma. Mara nyingi tarakimu ya kwanza ni mwisho wa mwaka, hapa 4 kwa 2024. Tatu zinazofuata ni siku ya mwaka: 068, siku ya sitini na nane, ambayo katika mwaka ule mrefu ni tarehe 8 Machi. Mbili zinazofuata ni saa, na huwa ni saa ya Griniwichi iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu: 16, yaani 19 kwetu. Zilizobaki ni mfululizo wa muamala. Si kila mtandao hufuata mpangilio huu, lakini wangu uliufuata, na namba hiyo peke yake ilitosha kuonyesha kwamba muamala haukuwa wa saa 01:42. Nilikuwa nimeibeba kwenye pochi kwa wiki nne.

Barua niliyoandika ilijaa ukurasa mmoja. Niliikata mara tatu kabla ya kuridhika. Sehemu yake kuu ilisomeka hivi:

> Meneja wa Tawi,
>
> YAH: SH. 400,000 ZISIZOTOKA KWENYE MASHINE TAREHE 8 MACHI 2024, LALAMIKO NA. 20931 NA NA. 22618
>
> Tafadhali husika na somo tajwa hapo juu.
>
> Tarehe 8 Machi 2024 saa 19:42 (saa 1:42 usiku kwa Kiswahili) niliomba sh. 400,000 kwa kadi inayoishia 6604 kwenye mashine ya benki nyingine iliyoko Mbagala Rangi Tatu. Fedha hazikutoka na akaunti yangu ilikatwa. RRN ni 406816052731. Nakala ya risiti imeambatishwa.
>
> Tarehe 9 Machi nilitoa taarifa kwa simu na kupewa Na. 20931, nikaahidiwa jibu ndani ya siku saba za kazi. Tarehe 20 Machi, siku hizo zikiwa zimepita, nilipiga tena na kupewa Na. 22618 kwa ahadi hiyohiyo. Tarehe 4 Aprili nilifika tawini nikaelezwa kwamba Na. 20931 ilifungwa tarehe 14 Machi kwa kuwa muamala haukuonekana saa 01:42, na Na. 22618 ilifungwa tarehe 22 Machi kwa kuwa imejirudia.
>
> Muamala haukufanyika saa 01:42. Ulifanyika saa 19:42 kama risiti inavyoonyesha. Kwa hiyo hadi leo muamala wenyewe haujachunguzwa.
>
> Naomba Na. 20931 ifunguliwe upya kwa tarehe yake ya awali, 9 Machi. Dai lipelekwe kwa benki yenye mashine kwa kutumia RRN hapo juu, pamoja na ombi la kuhifadhi picha za kamera za saa hiyo. Na nijibiwe kwa maandishi hadi Ijumaa tarehe 12 Aprili 2024.

Mtu mmoja aliyeisoma aliniambia haina uchungu. Nilikuwa na uchungu mwingi, lakini sikuuweka pale. Meneja hapangi kazi yake kwa uchungu wa mteja, maana kila anayefika kwake anao. Alichohitaji ni kuona ndani ya dakika mbili kwamba ahadi mbili za ofisi yake zimepita tarehe, kwamba sababu ya kufunga lalamiko ni kosa linaloweza kuonyeshwa kwa kidole, na kwamba kinachoombwa kiko ndani ya mamlaka yake.

Hili la mwisho ndilo watu wengi hulikosea. Ukimwandikia meneja wa tawi "nirudishiwe fedha zangu leo", unamwomba asichoweza, kwa sababu fedha ziko kwenye kisanduku cha benki nyingine. Atakujibu kwamba wanalifanyia kazi, na hatakuwa amesema uongo. Lakini kulifungua upya lalamiko, kuagiza kitengo kitume dai, kutoa jibu la maandishi, hayo yote anaweza kuyafanya akiwa kitini pake. Akiacha kuyafanya, hana wa kumsingizia.

Ombi la kamera nililiweka kwa sababu picha za kamera hazikai milele. Mitambo mingi hufuta za zamani ili kurekodi mpya, na baada ya wiki kadhaa hakuna cha kutazama. Tarehe nazo zina uzito ambao mteja haoni. Kwa kadi za Visa, kwa mfano, benki yako ina siku 120 za kupeleka dai la fedha zisizotoka mashineni. Siku hizo zikipita huku lalamiko lako likizunguka kwenye simu, mlango huo unafungwa hata kama haki ni yako. Mimi wakati naandika nilikuwa nimeshatumia siku 28.

Niliandika tarakimu nne za mwisho za kadi tu. Namba nzima ya kadi haitakiwi kwenye barua itakayopita mikononi mwa watu, na namba ya siri haitakiwi popote. Wapo matapeli wanaowapigia watu waliolalamika wakijifanya maofisa wanaofuatilia. Anayekuomba namba ya siri ili akurudishie fedha hatoki benki.

Barua niliipeleka kwa mkono Ijumaa tarehe 5 Aprili, nakala mbili. Moja ilibaki mapokezi, nyingine niligongewa muhuri wa "IMEPOKELEWA" wenye tarehe, na aliyepokea akaweka saini. Muhuri huo ndio unaogeuza barua kuwa ushahidi. Anayetuma kwa barua pepe aweke namba ya lalamiko kwenye mstari wa somo, na asifungue mazungumzo mapya kila mara. Ajibu juu ya ujumbe uleule ili historia yote ishuke chini yake. Nakala yangu nyingine niliituma kwa kitengo cha malalamiko makao makuu, na chini ya barua niliandika wazi "Nakala kwa" ili meneja ajue.

Kuna mahali ambapo barua nzuri haitoshi. Kumbukumbu ya mashine ikionyesha noti zilipita mlangoni, maneno yako peke yako hayawezi kuishinda. Hutokea pia kwamba mashine huchelewa, mteja akaondoka akidhani imeshindikana, noti zikatoka na aliyefuata akazichukua. Hapo tumaini lililobaki ni zile picha za kamera. Ndiyo maana ushauri wa kwanza kabisa, kabla ya simu na kabla ya barua, ni kutoondoka mashineni mpaka skrini irudi kwenye ukurasa wake wa mwanzo, na kuchukua risiti hata kama fedha hazikutoka. Wasio na risiti wapige picha namba ya mashine iliyobandikwa mbele yake na waombe taarifa ya akaunti tawini.

Na meneja akinyamaza? Kwa Tanzania, Benki Kuu ina kanuni za kuwalinda watumiaji wa huduma za fedha za mwaka 2019, na ina dawati linalopokea malalamiko ya wateja wa benki. Lakini dawati hilo linataka kwanza kuona kwamba benki yako ilipewa nafasi ya kulimaliza jambo. Wanaolalamikia kampuni ya simu huenda Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, na wa umeme au maji huenda EWURA, kwa utaratibu uleule wa kuanza na mtoa huduma. Ile nakala yenye muhuri, yenye namba na tarehe zote, ndiyo utakayoibeba. Ndiyo maana niliiandika tangu mwanzo kama barua itakayosomwa na mtu wa tatu asiyenijua mimi wala meneja.

Sikufika huko. Jumatatu tarehe 8 Aprili simu iliita saa nne asubuhi. "Mama, habari za asubuhi. Barua yako ninayo mbele yangu," akasema meneja. Aliuliza swali moja tu, kama risiti yenyewe bado ninayo. Nikamwambia ninayo. Akasema 20931 imefunguliwa upya na dai limeondoka asubuhi ileile. Nilimshukuru, nikaandika kwenye daftari tarehe, saa na alichosema, kisha nikamtumia barua pepe fupi yenye maneno hayohayo nikitaja namba ya lalamiko. Mazungumzo ya simu hayana muhuri, kwa hiyo niliyatafutia.

Benki yenye mashine ilijibu kwamba siku ile mashine ilikutwa na ziada ya noti 40. Fedha ziliingia kwenye akaunti yangu Jumanne tarehe 16 Aprili, shilingi 400,000 kamili, bila yale makato ya muamala ambao haukufanyika. Nikamjibu meneja juu ya barua pepe ileile, namba ileile, mistari miwili. Makato yalirudi Ijumaa tarehe 19.